Sentensi moja ambayo karani wa kaunta anaweza kuisema bila kusoma ukutani

Ukitaka kujua kama tamko la chapa la kampuni linafanya kazi, usimuulize mkurugenzi. Simama pembeni ya kaunta usikilize mteja anapomwambia karani, "Dada, kwa nini nilete mzigo wangu hapa, na ofisi ya jirani ipo?" Karani akijibu "sisi huduma zetu ni nzuri," basi tamko limebaki kwenye fremu ukutani. Hakuna sentensi iliyomfikia, na kwa kawaida kosa si lake. Alichopewa hakishikiki.

Tamko la chapa ninalolizungumzia ni lile linaloeleza nafasi ambayo kampuni inataka kuishika kichwani mwa mteja: inamhudumia nani, inamfanyia nini, na kwa nini aje hapa badala ya kwenda kwingine. Siyo dira, ambayo husema mnataka kufika wapi. Siyo kaulimbiu ya redio pia, ambayo inaruhusiwa kuwa na vina na mikogo. Mwongozo huu unahusu kazi moja tu: kuchukua aya iliyojaa maneno matupu na kutoka na sentensi moja ambayo karani, mpakiaji na mhasibu wataisema kwa kichwa, na ikawa kweli.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kampuni yenyewe nimeitunga, lakini kazi yake ni ile unayoiona kila siku stendi. Inapokea vifurushi Kariakoo, inavipeleka stendi ya Magufuli kule Mbezi, na kuvipakia kwenye mabasi ya Iringa, Mbeya na Tunduma. Mabasi si yake. Inalipia nafasi kwenye buti. Wateja wake wakubwa ni wenye maduka ya vipuri, simu na nguo wanaowatumia wenzao wa mikoani. Tamko lake, lililoandikwa na mtaalamu kwa malipo, linasomeka hivi:

"Sisi ni kampuni kinara ya usafirishaji wa vifurushi, inayotoa suluhisho bunifu, za haraka, salama na za uhakika kwa viwango vya kimataifa, kupitia timu yenye weledi na teknolojia ya kisasa, ili kukidhi na kuzidi matarajio ya wateja wetu wa thamani."

Hatua ya kwanza: chuja maneno kwa maswali matatu

Lichape tamko kwenye karatasi, chukua kalamu nyekundu, na kila sifa unayoikuta iulize maswali haya kwa mpangilio huu.

La kwanza: kuna kampuni ingejitangaza kwa kinyume chake? Hakuna ofisi ya vifurushi itakayoandika kwamba timu yake haina weledi. Kama hakuna anayeweza kusema kinyume, neno halimsaidii mteja kuchagua. Likate.

La pili: ukitoa jina lenu na kuweka la mshindani, sentensi inabaki kweli? "Kukidhi na kuzidi matarajio ya wateja" inaweza kuhamishiwa benki, hospitali au kiwanda cha mabati bila kubadilishwa hata herufi. Likate.

La tatu: mtu akisimama ofisini kwenu saa moja, ataliona kwa macho? Hapa ndipo "kinara" na "viwango vya kimataifa" huanguka. Kinara kwa kipimo gani, na nani alipima? Kama mna cheti cha ISO 9001, andikeni kwamba mna cheti, kwa sababu hiyo ni habari inayoweza kuthibitishwa. Kama hamna, neno hilo ni deni ambalo siku moja mteja atalidai.

Maneno mengine hayafi moja kwa moja. "Haraka" na "salama" katika tamko letu yanaweza kusimama ikiwa kuna kitu nyuma yake, kama saa kamili ya kufika au malipo mzigo unapoharibika. Yazungushie duara badala ya kuyakata, tutayarudia.

Baada ya kuchuja, ukiacha yale ya duara, kwenye mfano wetu kinabaki "kampuni ya usafirishaji wa vifurushi." Ndiyo, ni hicho tu. Wengi wakifika hapa huogopa na kuanza kutafuta maneno mapya ya kujazia, "kinara" linatoka na "mshirika wako wa kweli" linaingia. Usifanye hivyo. Acha karatasi ikae wazi mpaka umalize hatua mbili zinazofuata.

Hatua ya pili: uliza kila neno lililokatwa lilitoka wapi

Hatua hii hurukwa sana, na kwa maoni yangu ndiyo yenye utajiri kuliko zote. Neno tupu mara nyingi ni kifuniko cha sufuria, na chini yake kuna kitu halisi ambacho mwandishi alikiona akashindwa kukitaja. Kwa hiyo kabla ya kutupa karatasi, kaa na waliolipitisha tamko, na kwa kila neno waulize: "Mlipokuwa mnakubali neno hili, mlikuwa mnafikiria jambo gani ambalo mmewahi kuliona likifanyika hapa?" Usikubali maelezo, taka tukio. Siku ile, mteja yule, mzigo ule.

Kwa "weledi" pengine hakutakuwa na jibu, watu wataangaliana tu. Kwa "suluhisho bunifu" watasema lilikuwa kwenye tamko la kampuni nyingine. Lakini kwa "teknolojia ya kisasa" msimamizi wa stendi anasema: "Tulikuwa tunamaanisha zile picha. Vijana wangu wakishapakia mzigo huwa wanaupiga picha kwa simu ya ofisi, wanamtumia mtu wa Mbeya pamoja na namba za basi."

Hapo ndipo unaweka kalamu nyekundu chini na kuandika. Kwenye tamko hakuna picha, hakuna namba za basi, hakuna mtu wa Mbeya. Kuna teknolojia ya kisasa. Kitu pekee ambacho kingemfanya mwenye duka wa Kariakoo aichague ofisi hii kilifunikwa na maneno matatu ambayo kila mshindani anayo pia.

Hatua ya tatu: sikiliza swali linalorudiwa

Sasa toka kwenye chumba cha mikutano. Mnachojivunia ninyi si lazima kiwe ndicho kinachomhangaisha mteja, na tamko lazima lisimame pale viwili hivyo vinapokutana. Huhitaji utafiti wa gharama. Chukua simu ya ofisi, fungua meseji na ujumbe wa WhatsApp wa wiki mbili zilizopita, na andika kila swali la mteja kama lilivyo, bila kulisafisha. Kaa kaunta asubuhi moja na mchana mmoja. Pitia daftari la malalamiko kama lipo.

Kisha panga maswali kwa mafungu na uhesabu kwa mistari. Kwenye biashara ya vifurushi utakuta bei inaulizwa sana kabla ya mzigo kupokelewa, jambo la kawaida. Baada ya mzigo kupokelewa, swali linakuwa moja kwa sauti tofauti tofauti: "Kaka, mzigo wangu umeshatoka?" "Uko basi gani?" "Nimpigie nani nikifika stendi?" Angalia pia nani anauliza. Anayelipa ni mtu wa Kariakoo, lakini anayepiga simu usiku ni mtu wa Mbeya, ambaye ana mteja dukani anayesubiri kipuri na hajui kama amwambie arudi kesho au keshokutwa. Hofu yake si kwamba mzigo utachelewa saa mbili. Hofu yake ni kutojua.

Mfano mkubwa wa kusikiliza namna hii tunao hapa jirani. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio Kenya kuanzia 2005, Safaricom na Vodafone wakishirikiana na taasisi ya mikopo ya Faulu, huduma ilikuwa imebuniwa ili wakopaji wadogo wapokee na kurejesha mikopo kwa simu. Waliopewa simu hizo wakaanza kuitumia kwa mambo yao wenyewe, na kubwa zaidi likawa kutumiana pesa. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ujumbe wake kwa umma haukutaja mikopo wala mageuzi ya sekta ya fedha. Ulisema: tuma pesa nyumbani. Wakala wa kibandani aliweza kuusema, na mtu aliyeko Nairobi mwenye mama kijijini alielewa papo hapo kwamba anaambiwa yeye. Kilichozaa ujumbe huo ni kutazama watu walivyokuwa wakifanya, na kukubali kuacha kile kilichokusudiwa mwanzo.

Hatua ya nne: chagua jambo moja, na uyakatae mengine kwa sababu

Kutokana na hatua mbili zilizopita utakuwa na mambo matatu hadi matano ya kugombea nafasi. Yapitishe kwenye milango mitatu: je, ni kweli leo hii, siyo tukishanunua mfumo mpya? Je, mteja analijali kiasi cha kuchagua kwalo? Je, jirani halifanyi, au halifanyi kwa uhakika?

Kwenye mfano wetu yanayogombea ni matatu, na mawili ya kwanza ndiyo yale "haraka" na "salama" tuliyoyazungushia duara. "Tunafikisha mzigo Mbeya kesho yake" ni kweli na mteja anajali, lakini kila anayetumia mabasi hayo hayo anafikisha kesho yake. Mlango wa tatu unafungwa. "Mzigo ukipotea tunalipa" ni tamu kuliko zote, na mkurugenzi ataipenda. Mhasibu ndiye atakayeikataa, maana risiti zao zina masharti mgongoni na fidia ina kikomo kulingana na nauli iliyolipwa. Ni kweli nusu, na kweli nusu kwenye tamko humwacha karani akigombana na mteja. Ya tatu ni ile ya picha na namba za basi. Inafanyika sasa, inajibu swali linaloulizwa kila siku, na ofisi za jirani hufanya pale mteja anapobembeleza tu.

Mtu atasema, "Lakini na bei zetu ni nafuu, hilo nalo tuliweke." Na mwingine ataleta la ofisi nyingi mikoani. Hapa msimamizi wa kazi hii lazima awe mkali kidogo. Ukiweka mawili, wafanyakazi watakumbuka moja, na hutachagua wewe ni lipi. Hayo mengine yana mahali pake, nitaeleza baadaye.

Hatua ya tano: iandike kama inavyosemwa

Rasimu ya kwanza karibu kila mara hutoka kwa lugha ya ofisini. Kwenye mfano wetu ilitoka hivi: "Tunawahakikishia wafanyabiashara upatikanaji wa taarifa za ufuatiliaji wa mizigo yao kabla ya kuanza kwa safari." Hakuna neno tupu hata moja humo, lakini hakuna mpakiaji atakayeisema.

Tatizo liko kwenye muundo. "Upatikanaji wa taarifa za ufuatiliaji": vitenzi vimegeuzwa kuwa majina, na majina yamefungwa kwa "wa" na "za" mpaka hujui nani anafanya nini. Nani anapata? Nani anafuatilia? Rudisha vitenzi vyenye mtenda: anapata, anajua, tunapiga, tunatuma. Ondoa "kuhakikisha kwamba", "katika suala zima la", "kwa lengo la". Hizo ni ngazi za kupandia sentensi, na anayesema kwa mdomo hapandi ngazi. Weka tukio linaloanzisha jambo mwanzoni, kwa sababu kumbukumbu hushika mfuatano: hiki kikitokea, kile kinafuata. Na ukiisema kwa sauti ya kawaida iishe kwa pumzi moja. Kwa uzoefu wangu ikivuka maneno 15 huanza kumegeka.

Rasimu ya pili: "Mzigo ukipakiwa, mwenye mzigo anapata picha yake na namba za basi."

Hii sasa inasemeka. Lakini bado haijajaribiwa, na usiibandike popote.

Hatua ya sita: jaribu kumbukumbu, siyo makubaliano

Kosa la kawaida ni kuisoma sentensi mkutanoni na kuuliza, "Mnaonaje?" Watasema ni nzuri, bosi. Hujajifunza chochote. Jaribio lenyewe linakwenda hivi.

Chagua watu watano au sita wa kazi tofauti: karani, mpakiaji, dereva wa bodaboda anayekusanya mizigo, mhasibu, mlinzi akiwapo. Mfuate kila mmoja peke yake. Mwambie sentensi mara mbili kwa mdomo, usimpe karatasi, usimwambie kwamba utamuuliza tena. Kesho yake mpigie simu au mfuate alipo, na muulize swali la mteja: "Mtu akikuuliza kwa nini alete mzigo kwetu, unamwambiaje?" Andika jibu neno kwa neno, pamoja na makosa. Usimsahihishe.

Kinachodondoka, kinachobadilishwa na kinachogeuzwa ni matokeo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake. Neno lililodondoka kwa wengi lilikuwa la ziada, litoe. Neno walilobadilisha, mara nyingi lao ni bora kuliko lako. Kama maana imebaki, chukua lao. Lakini maana ikigeuka, simama. Sentensi ina shimo, au kazi yenyewe ina shimo.

Kwenye mfano wetu majibu yalikuwa hivi. Karani: "Ukituletea mzigo, tunakutumia picha na namba za basi." Mpakiaji: "Tukipakia tu, yule wa Mbeya anajua uko basi gani." Bodaboda: "Mzigo wako unapigwa picha." Mhasibu: "Mwenye mzigo anapata picha kabla basi halijatoka."

Yasome kwa pamoja. Karani anamtumia mtumaji, mpakiaji anamtumia mpokeaji. "Mwenye mzigo" ilikuwa na maana mbili, na ukiuliza zaidi utagundua kwamba hata kazini ni hivyo hivyo: zamu moja hutuma kwa huyu, zamu nyingine kwa yule. Sentensi imeonyesha ufa ambao hakuna aliyeuona kwenye "teknolojia ya kisasa." Uamuzi unatakiwa hapa, na hatua ya tatu ilishatoa jibu: anayehangaika ni mpokeaji. Naye mhasibu ameongeza ahadi ambayo haikuwapo, "kabla basi halijatoka." Inavutia, lakini mabasi si yao, basi la saa 12 alfajiri halitasubiri meseji. Ikataliwe kwa uwazi ili isiendelee kusemwa kaunta.

Bodaboda alikumbuka picha tu, na hilo linafundisha. Picha ni njia. Mteja hatafuti picha, anatafuta kujua. Tena wapo wapokeaji wenye simu ya batani ambao hawawezi kupokea picha kwa WhatsApp, hao wangepata meseji ya kawaida, na sentensi yenye picha ingekuwa uongo kwao. Mpakiaji, ambaye hakuwahi kuitwa kwenye mkutano wa tamko, ndiye aliyeifikisha nyumbani:

"Mzigo ukipakiwa tu, mpokeaji anajua uko basi gani."

Maneno manane. Hakuna sifa hata moja, na kila neno linaweza kukaguliwa. Rudia jaribio kwa watu wengine ambao hawakuhusika. Kama wanne kati ya watano wanaleta maana ile ile siku ya pili, hata kwa maneno yaliyopinda kidogo, imekaa. Usidai neno kwa neno. Unatafuta maana inayobaki, siyo ghani.

Hatua ya saba: ikague kwenye daftari kabla ya kuitangaza

Sasa sentensi inaweza kuumiza, kwa sababu mteja anaweza kuishika. Chukua stakabadhi 20 za mizigo ya juzi na jana, zichanganye zamu. Kwa kila moja tafuta saa ya kupakia na saa ya ujumbe uliotumwa. Mimi singekubali kuitangaza ikiwa chini ya 18 zimetumwa kwa mpokeaji ndani ya muda mfupi baada ya kupakia. Na hizo zilizobaki uzijue kwa jina: ni zamu gani, basi gani, kwa nini.

Sababu utakazokuta ni za kawaida kabisa. Mizigo mingi inapakiwa saa 11 alfajiri wakati karani mwenye orodha ya namba za wapokeaji yuko nyumbani. Simu ya ofisi haina bando. Namba ya mpokeaji imeandikwa vibaya kwenye lebo, na "1" inasomeka "7". Kwa hiyo kabla ya bango lolote kuna kazi ya mikono: simu ikabidhiwe kwa mpakiaji badala ya karani, bando lilipwe kwa mwezi na liingizwe kwenye gharama za stendi, na karani asome namba ya mpokeaji kwa sauti mbele ya mtumaji kabla ya kutoa risiti. Zikirekebishwa, hesabu tena zile 20.

Chunga pia sentensi isije ikawasukuma watu vibaya. Domino's, kampuni ya piza ya Marekani, ilijulikana miaka ya 1980 kwa ahadi iliyokumbukwa na kila mtu: piza ndani ya dakika 30, la sivyo mteja anafidiwa, mwanzoni kwa piza ya bure na baadaye kwa punguzo. Mwezi Desemba 1993, baada ya baraza la mahakama mjini St. Louis kuamuru alipwe karibu dola milioni 79 mwanamke aliyegongwa na dereva wao, kampuni iliifuta ahadi hiyo nchini humo. Ilikuwa rahisi mno kukumbuka, na wengi waliamini iliwasukuma madereva kukimbia. Ndiyo maana ya kwetu haina dakika wala basi kusubirishwa. Jiulize: mfanyakazi aliyechoka, akitaka kuitimiza kwa njia ya mkato, atafanya nini? Hapa atatuma namba za basi kabla hajapakia. Basi sheria iwe kwamba picha inapigwa mzigo ukiwa ndani ya buti, siyo chini.

Hatua ya nane: ipe mahali pa kuishi

Bango ni mahali pa mwisho. Pa kwanza ni siku ya kwanza ya mfanyakazi mpya: msimamizi amwambie sentensi, kisha ampeleke stendi aone ujumbe ukitumwa. Pa pili ni simu ya ofisi, mtu akipiga kuuliza mzigo, anayepokea aanze na "Umeshapata ujumbe wa basi?" Pa tatu ni kikao cha wiki, ambapo swali la kwanza liwe ni mizigo mingapi ilipakiwa na mpokeaji hakujua. Sentensi inayopimwa kila wiki haihitaji kukaririshwa.

Yale mengine mliyoyaacha, bei, idadi ya ofisi, masharti ya fidia, yaandikeni kwenye ukurasa mmoja wa ndani kwa ajili ya anayeandika zabuni au anayeongea na benki. Humo mnaweza kuwa na aya ndefu yenye takwimu. Zabuni nyingine zina vipengele vinavyodai dira na dhima, zijazwe zinavyotaka. Usijaribu kuilazimisha sentensi ya kaunta ifanye kazi hiyo.

Ina mipaka yake pia. Kampuni yenye biashara mbili zisizofanana, tuseme vifurushi na uuzaji wa matairi, haitapata sentensi moja ya kweli kwa zote, na ikijaribu itarudi kwenye "huduma bora." Kila biashara iwe na yake. Vilevile ofisi zote za jirani zikianza kutuma namba za basi, na hilo litatokea kama linawaletea wateja, sentensi itabaki kweli lakini haitakuwa sababu ya kuchagua. Mtaliona kaunta kabla ya kuliona kwenye mauzo: mteja atajibu, "Hata wale wananitumia." Mkilisikia hilo kwa wateja kadhaa ndani ya mwezi mmoja, rudini hatua ya tatu na simu ya ofisi mkononi, mtafute swali jipya linaloulizwa usiku.